Bibi kasahaulika, mtoto kazaliwa: kwa nini nauli haiwi ile ile

"Dada, naomba uniongezee mama kwenye ile tiketi yetu ya Maskati." Wakala yeyote wa tiketi za ndege Dar es Salaam, Unguja au Mombasa ameshasikia ombi la namna hii. Mteja anadhani ni suala la kuandika jina moja zaidi chini ya majina yaliyopo, na bei itabaki ile aliyolipa mwezi uliopita. Wakala akimtajia bei mpya, iliyo juu, anahisi anapigwa. Mara nyingi hapigwi, na sababu inaeleweka ukijua jinsi viti vya ndege vinavyouzwa.

Kwenye daraja la kawaida la ndege, viti vyote vinafanana lakini havina bei moja. Shirika huvigawa katika mafungu, na kila fungu lina herufi yake na bei yake. Fungu la bei ya chini hupewa viti vichache, na vikiisha, mnunuzi anayefuata anapandishwa fungu la juu yake hata kama nusu ya ndege ingali tupu. Mtindo huu ulishika kasi Marekani baada ya serikali kuacha kupanga nauli mwaka 1978. American Airlines iliutumia kupambana na kampuni ya bei poa ya People Express mwaka 1985: viti vichache viliuzwa kwa bei ya kutupa, vilivyobaki vikahifadhiwa kwa wasafiri wa kazi waliokuwa tayari kulipa zaidi siku za mwisho. Leo karibu kila shirika kubwa linauza hivyo.

Wakala akiitazama safari hiyo kwenye mtambo, anaona mstari wa aina hii:

```
Y9 B9 M7 Q4 L0
```

Herufi ni fungu, tarakimu ni viti vinavyoweza kuuzwa kwa sasa kwenye fungu hilo. Tisa maana yake ni tisa au zaidi. Hapo L, ambalo ndilo la bei ya chini kabisa, limekwisha, na Q limebakiza viti vinne. Kumbuka kwamba tarakimu hizi haziongezwi pamoja, kwani viti vinne vya Q vimo pia ndani ya vile vya M na vya juu yake.

Tuchukue familia moja ya mfano, na bei za mfano. Baba, mama na mtoto wa miaka 6 walikata tiketi za kwenda na kurudi Maskati miezi mitatu kabla, kwenye fungu L. Nauli ya mtu mzima ilikuwa dola 340, na kodi na ada za viwanja dola 80, jumla 420. Mtoto alipata nauli ya mtoto, ambayo kwa mashirika mengi ni asilimia 75 ya ile ya mkubwa, yaani dola 255, na kwa kodi zile zile ikawa 335. Wote watatu wakalipa dola 1,175. Sasa wanataka kumwongeza bibi, na katikati ya miezi hiyo mama amejifungua.

Tuanze na bibi. Bukingi ya ndege ina namba yake ya herufi na tarakimu sita, na idadi ya watu ndani yake hufungwa siku inapotengenezwa. Mtambo unaruhusu kumtoa mtu au kuigawa bukingi moja kuwa mbili, lakini kwa kawaida hauruhusu kuingiza msafiri mpya anayehitaji kiti. Kwa hiyo bibi anafunguliwa bukingi ya peke yake, na anauziwa kilichopo leo. L limekwisha, basi anaingia Q, ambako nauli ni 455. Ukiongeza kodi inakuwa 535, dola 115 zaidi ya alizolipa mwanawe kwa kiti cha ndege ile ile.

Wakati mwingine L bado lina viti, na hata hivyo bei imepanda. Nauli nyingi za chini zina sharti la kununuliwa mapema, kwa mfano siku 7, 14 au 21 kabla ya safari. Siku hiyo ikipita, kiti kipo lakini bei yake haiuzwi tena. Ofa nayo huwa na tarehe ya mwisho. Ukimuuliza wakala "ni fungu limejaa au ni sharti la siku?" atakuelewa mara moja, na jibu lina faida: fungu lililojaa laweza kufunguka tena mtu akighairi, ila siku zilizopita hazirudi.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Familia inasema, basi futa zote, tukate upya pamoja ili tukae kwenye bukingi moja. Ukifuta viti vya L, havikungoji. Vinarudi shirikani, na mtambo ndio unaoamua virudishwe fungu gani. Kama L litabaki sifuri, wakubwa wawili watalipa 535 kila mmoja na mtoto kama 421, jumla 1,491. Ni dola 316 zaidi ya walizokwisha lipa, bila kuhesabu faini ya kughairi na bila kumgusa bibi. Ninawasihi wanaosoma hapa: tiketi iliyokwisha katwa kwa bei ya chini iacheni ilipo.

Kuna jambo jingine linalotokana na mafungu hayo, na wengi hawalijui. Ukitafuta viti vya watu watatu kwa mkupuo mmoja, mtambo hutafuta fungu lenye viti vitatu. Kama L lina viviwili tu, mtandao wa shirika kwa kawaida utawapa wote watatu bei ya Q. Wakala anaweza kuwakata wawili kwa L na mmoja kwa Q, na wewe mwenyewe unaweza kujaribu kutafuta mtu mmoja mmoja kabla ya kulipa. Vivyo hivyo kwa bibi: mtafute peke yake, usimtafute pamoja na mpwa anayefikiria kuja.

Bukingi mbili zina gharama yake hata kama fedha imeokolewa. Ndege ikifutwa, mtambo hupanga upya kila bukingi kivyake, na bibi anaweza kujikuta amewekwa ndege ya kesho yake. Kwa hiyo mwombe wakala aandike kwenye bukingi zote mbili kwamba wanasafiri pamoja, akitaja namba ya mwenzake. Kwenye skrini maandishi hayo huanza na `TCP`. Hayo ni taarifa kwa wafanyakazi, hayazifungi tiketi pamoja, ndiyo maana siku ya mabadiliko bado inabidi kupiga simu na kutaja namba zote mbili. Masharti pia yanaweza kutofautiana: tiketi ya Q huenda ikaruhusu kubadili tarehe kwa ada ndogo kuliko ile ya L. Aliyesahaulika akiwa ni mtoto wa chini ya miaka 12, usijaribu mtandaoni kabisa. Mtandao utamkataa, au atahesabiwa kuwa mtoto asafiriye bila mkubwa. Piga simu au nenda ofisini, wamunganishe na bukingi ya mzazi.

Sasa yule mchanga. Yeye njia yake ni tofauti kabisa, kwa sababu hanunui kiti. Mtoto asiyefika miaka miwili hupakatwa, na kwa hiyo anaweza kuingizwa ndani ya bukingi ya mama ile ile, akiwa ameambatanishwa na jina la mama. Kujaa kwa L hakumzuii, anafuata fungu la mzazi aliyempakata. Kwa safari za kimataifa mashirika mengi hutoza asilimia 10 ya nauli ya mkubwa. Asilimia 10 ya 340 ni dola 34, pamoja na kodi chache, kwani viwanja vingi husamehe watoto wachanga ada ya abiria.

Lakini asilimia 10 ya nauli ipi? Tiketi ya mtoto inakatwa leo, na kama shirika limepandisha nauli ya L yenyewe hadi 380 tangu mama aliponunua, mtoto atatozwa 38. Tofauti ya namna hiyo ni ya kawaida. Ukitajiwa 45 au zaidi, huenda aliyepiga hesabu ametumia fungu lililo wazi leo badala ya fungu la mama, na hapo una haki ya kuomba hesabu irudiwe kwa fungu lililo kwenye tiketi ya mzazi. Mashirika mengine yana kanuni yao inayotumia nauli ya juu, basi omba usomewe kanuni ya nauli hiyo.

Idadi ya wachanga kwenye ndege ina mpaka, kwa sababu barakoa za oksijeni juu ya kila safu ni chache: kuna moja ya ziada, haitoshi watoto wawili upande ule ule. Kwa hiyo ombi la mtoto hutumwa shirikani likiwa `SSR INFT`, na halijakamilika mpaka hali yake ionyeshe `HK`, yaani limekubaliwa. Mkubwa mmoja hupakata mmoja tu. Mapacha wakisafiri na mama peke yake, wa pili hukatiwa kiti kwa nauli ya mtoto, na hapo mafungu yanarudi kuwa na sauti.

Kosa linalowakwamisha wazazi wengi kaunta ni jina la mtoto kuonekana kwenye bukingi bila tiketi kukatwa. Ombi limekubaliwa, barua pepe ya uthibitisho inamtaja, mzazi anaridhika. Siku ya safari kaunta haimwoni. Dalili ni rahisi kuitambua. Kila tiketi ina namba yake ya tarakimu 13, na ya mtoto ni tofauti na ya mama. Kama karatasi ina namba ya mama pekee, mtoto hajakatiwa, na kaunta utalipa bei ya siku hiyo huku foleni ikisogea nyuma yako. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti yake, hivyo ni busara kupata cheti cha kuzaliwa na pasipoti kwanza. Mashirika mengi pia hayampokei mtoto wa siku chache. Wengine wanataka atimize wiki moja, wengine mbili.

Umri hupimwa siku ya kila ruka, haupimwi siku ya kununua. Mtoto aliyezaliwa 20 Agosti 2024, akiondoka Dar es Salaam 10 Agosti 2026, anakwenda akipakatwa. Akirudi 30 Agosti tayari ana miaka miwili, na lazima awe na kiti chake kwa nauli ya mtoto, kwenye fungu lililo wazi siku unaponunua. Wazazi wa mtoto wa namna hiyo wakinunue kiti cha kurudi siku ile ile wanayokata tiketi zao, L likiwa bado lina viti.