Mkono, moto na sindano ya mama mjamzito

Watoto wetu wa sekondari hapa Butembo na Beni hurudi nyumbani na mchoro mmoja kwenye daftari la biolojia: kidole kinagusa moto, mistari miwili inakwenda mgongoni na kurudi, halafu mkono unaruka. Wengi tunaufunga tukidhani ni mambo ya mtihani. Juma hili tunaufungua, maana unaeleza kwa nini kliniki inatuchoma sindano ya pepopunda, yaani tetanosi, tukiwa na mimba.

Tufuate njia yenyewe. Umegusa sufuria iliyo juu ya makala. Kwenye ngozi ya kidole kuna ncha za neva zinazosikia joto kali. Habari inapanda kwa neva ya hisia hadi kwenye ugwe wa mgongo, ile kamba laini inayopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Humo inapokelewa na seli ya katikati, nayo inaiamsha neva nyingine inayoshuka hadi kwenye misuli ya mbele ya mkono. Misuli inakaza, mkono unakunjika. Habari inafika kichwani baadaye kidogo. Ndiyo sababu unaondoa mkono kwanza, kisha ndiyo unapiga kelele.

Mchoro wa daftari mara nyingi unaacha kitu kimoja, na kwetu hicho ndicho kikubwa. Mkono hauwezi kukunjika ikiwa misuli ya nyuma, ile inayounyoosha, imekaza pia. Kwa hiyo ndani ya ugwe kuna seli nyingine ambayo kazi yake ni kuiambia misuli ya nyuma: legea. Ni kama breki. Mwingereza Sherrington, aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka 1932, ndiye aliyeichunguza sana kazi hii ya misuli miwili kupeana nafasi.

Pepopunda inaziba breki hiyo. Kijidudu chake kinaishi katika udongo na mavi ya wanyama. Kikiingia kwenye kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, au kilichopakwa majivu au samadi, kinatoa sumu. Sumu inapanda ndani ya neva za misuli, kinyume cha njia ya mchoro, hadi kwenye ugwe, na kuzinyamazisha seli za kusema legea. Sasa kila habari ndogo inakuwa amri ya kukaza kila mahali. Misuli yenye nguvu inashinda: taya linafunga, mgongo unapinda kama upinde. Kumgusa mtoto tu, au mlango kugonga, kunamkaza upya.

Mtoto wa namna hii alizaliwa vizuri na alinyonya vizuri siku 2 za kwanza. Halafu, kati ya siku ya 3 na ya 28, anashindwa kunyonya, anakakamaa, anashtuka akiguswa. Usingoje kesho, wala usianze kutafuta aliyemroga, mpeleke hospitali. Kule watamweka mahali pa kimya, pasipo mwanga mkali, na kumpa dawa ya kulegeza misuli pamoja na dawa ya kukamata sumu. Lakini dawa hiyo inakamata tu sumu ambayo bado haijaingia kwenye neva. Iliyokwisha kuingia haitoki. Neva inahitaji majuma mengi kupona, na watoto wengi hawafiki huko.

Kwa nini basi anachomwa mama? Chanjo ya kwanza ya mtoto yenye kinga ya pepopunda ni ya wiki ya 6, wakati siku zile za hatari zimekwisha pita. Kinga ya mama inapita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto kabla hajazaliwa.

Tuseme mama ana mimba ya kwanza na hajawahi kuchanjwa. Anaanza kliniki mwezi wa 4: anachomwa ya kwanza siku hiyo hiyo, ya pili baada ya wiki 4. Ya pili isikaribie uzazi kuliko wiki 2, mwili upate muda wa kutengeneza kinga. Ya tatu ni baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine.

Hapo ndipo kwetu panapokuwa pagumu. Tangu mauaji yaanze kuzunguka Beni mwaka 2014, wamama wengi wamekimbia usiku bila kadi, na wengine wamezalia shambani au njiani. Uliyepoteza kadi, sema wazi kliniki, wataanza kuhesabu upya. Sindano ya ziada haimdhuru mtoto. Na katika kifurushi cha kukimbia, pamoja na kitenge na unga, tia wembe mpya ambao haujafunguliwa na uzi safi wa kufungia kitovu.