Programu Imesitishwa, Vitabu Bado Vinalipa

Tuchukue mfano wa studio ndogo ya picha jijini Mwanza. Inalipia programu ya kuhariri picha shilingi 45,000 kwa mwezi. Mwenye studio anaisitisha mwishoni mwa Agosti, na benki haikatwi tena. Lakini hesabu zake ziko kwenye kompyuta, na humo aliweka ingizo la kujirudia: kila tarehe mosi gharama zinaongezeka 45,000 na salio la benki linapungua vivyo hivyo. Ingizo hilo halijui kwamba programu imesitishwa. Linaendelea Septemba, Oktoba na Novemba.

Kosa hili hugunduliwa wakati wa kulinganisha vitabu na taarifa ya benki. Mwisho wa Novemba benki ina shilingi 135,000 zaidi ya vitabu, na kuna malipo matatu vitabuni ambayo benki haiyafahamu. Faida nayo imepungua kwa kiasi hicho, kwa gharama ambayo haikutokea.

Dawa ni kufungua orodha ya maingizo ya kujirudia na kuliwekea hili tarehe ya mwisho, 31 Agosti. Malipo ya Januari hadi Agosti yasiguswe, kwani yalilipwa kweli. Kwa yale matatu ya hewa, andika ingizo la kurudisha: debiti benki 135,000, krediti gharama za programu 135,000. Ambatisha barua pepe ya kusitisha, ili mkaguzi akiuliza aone sababu. Kama mwaka umeshafungwa na ritani ya kodi imeshapelekwa, usirudi nyuma kubadilisha chochote kabla ya kuongea na mhasibu wako.

Kuna wanaoingiza malipo haya kama ankara ya kulipwa baadaye. Hapo benki italingana na vitabu bila tatizo, na kosa litajificha kwenye orodha ya wadai: utaona unadaiwa na mtu ambaye hakudai.

Leseni ya mwaka ina hesabu yake. Tuseme studio ililipa 600,000 Januari, zikawekwa kwenye gharama zilizolipwa kabla, na kila mwezi 50,000 huhamishiwa gharama za mwezi huo. Ikisitishwa mwisho wa Agosti, zimebaki 200,000. Swali la kwanza ni hili: je, programu bado inafunguka mpaka Desemba, na studio inaitumia? Ikiwa ndiyo, ingizo la kila mwezi liendelee, kisha likome Desemba. Ikiwa imefungwa siku hiyo hiyo na muuzaji amerudisha 120,000, debiti benki 120,000, debiti gharama 80,000, krediti gharama zilizolipwa kabla 200,000. Salio likishafika sifuri, simamisha ingizo. Ukiliacha likaendelea, akaunti hiyo itaonyesha salio hasi, jambo lisilowezekana kwa fedha ulizotanguliza kulipa.