Jinsi ya Kuskani Stakabadhi Zisomeke Bila Kuwa Nzito

Mzazi mmoja anaomba basari kwa njia ya mtandao. Ana kurasa sita: fomu kurasa mbili, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ripoti ya shule, na kitambulisho chake mbele na nyuma. Mfumo unapokea faili isiyozidi MB 2. Kwenye saiba, mhudumu anaskani kwa rangi, dpi 600, na faili inatoka na MB 38. Inakataliwa. Mhudumu anaipitisha kwenye tovuti ya kupunguza faili, inashuka hadi MB 1 na inapokelewa. Lakini afisa anayekagua maombi akiifungua, hawezi kujua kama nambari ya kitambulisho inaishia na 3 au 8.

Kosa halikuwa kwenye tovuti ile. Lilianza pale skana ilipowekwa.

Herufi dpi zinaeleza idadi ya nukta ambazo skana inasoma katika kila inchi ya karatasi. Tarakimu ndogo yenye kimo cha milimita 2 hupata nukta 6 hivi kwa dpi 75, na kwa nukta 6 tumbo la 8 na mkato wa 3 huonekana sawa. Kwa dpi 200 tarakimu hiyo hiyo hupata nukta 16 hivi, na kwa dpi 300 hupata karibu 24. Hapo jicho halikosei.

Nukta huongezeka kwa upana na kwa urefu pia, ndiyo maana kutoka dpi 300 hadi 600 uzito hauongezeki maradufu bali mara nne. Rangi nayo ina gharama yake. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300, kabla ya kubanwa, ni takriban MB 26 ukiwa wa rangi na MB 9 ukiwa wa kijivu.

Kwa mzazi huyu, dpi 200 kwa kijivu ingetosha. Kila ukurasa ungekuwa na takriban KB 300, na zote sita katika PDF moja zisingefika MB 2. Asichague ile hali ya nyeusi na nyeupe tupu, ingawa ndiyo nyepesi kuliko zote. Humo kila nukta ni ama nyeusi ama nyeupe, kwa hivyo muhuri wa chifu wa wino wa zambarau uliofifia hupotea kabisa, au hugeuka doa linalofunika sahihi. Muhuri ukiwa juu ya sahihi, ukurasa huo mmoja uskaniwe kwa rangi. Kabla ya kuondoka saiba, afungue faili na kuikuza hadi asilimia 100, asome nambari zote akilinganisha na karatasi. Faili isiyosomeka haiponi kwa kuongezewa dpi baadaye. Dawa ni kuskani upya.

Kuna mashine zinazopunguza uzito kwa kutumia picha ya herufi moja mahali pa nyingine inayofanana nayo. Mwaka 2013 ilibainika nchini Ujerumani kwamba baadhi zilikuwa zikiweka 8 mahali pa 6, na ukurasa ukabaki safi machoni. Kwa karatasi za hesabu, ni afadhali faili nzito kidogo kuliko ubanaji wa kiwango cha juu kabisa.

Nakala ya kuweka nyumbani ni jambo jingine, kwa kuwa haina kikomo cha MB 2. Hati miliki ya shamba au barua ya mgao iskaniwe kwa rangi, dpi 300, na ihifadhiwe kama PDF/A iwapo mashine ina chaguo hilo. Aina hiyo hubeba ndani yake kila kinachohitajika ili ifunguke miaka mingi ijayo. Hata hivyo nakala haichukui nafasi ya hati halisi, na karatasi yenyewe isitupwe.

Picha za zamani za familia ndizo zinazostahili dpi 600. Picha ya inchi 3.5 kwa 5 ikiskaniwa hivyo inaweza kuchapishwa kwa upana na urefu maradufu bila kufifia. Kupita hapo, mara nyingi kinachoongezeka ni chembechembe za karatasi tu. Nakala kuu iwe TIFF, ambayo kwa picha hiyo huwa na MB 19 hivi. JPEG ni nyepesi zaidi, lakini kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya hupoteza kitu kidogo, hasa kwenye kingo za nyuso na maandishi. Basi JPEG itengenezwe kutokana na TIFF kwa ajili ya kugawia jamaa, na ikipelekwa kwa WhatsApp itumwe kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha hupunguzwa njiani.