Jina Jipya, Hati ya Zamani

Chukua mfano wa mwanamke tutakayemwita Neema Massawe. Alinunua kiwanja chenye hati akiwa bado msichana, akakilipia kwa jina hilo. Akaolewa, kanisani wakamwita mama Kimaro, kazini wakamwandika Neema Kimaro, naye akafungua akaunti ya benki kwa jina hilo. Siku alipotaka kukiuza, mnunuzi alishika hati mkono mmoja na kitambulisho mkono wa pili, akauliza swali ambalo cheti cha ndoa peke yake hakikulimaliza: Massawe huyu na Kimaro huyu ni mtu mmoja?

Kwa sheria za Tanzania ndoa haimbadilishi mtu jina. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mume, na wanawake wengi, hasa wa Kiislamu, hubaki na la baba hadi kufa. Cheti cha ndoa kinathibitisha kwamba fulani ameolewa na fulani. Anayetaka jina libadilike rasmi huandaa hati ya kubadili jina: anatamka kwamba ameacha jina la zamani na kuchukua jipya, anasaini mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kisha hati inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Msitari wa mwisho ndio wengi huukosa. Wanatoka kwa wakili na karatasi yenye muhuri, wanaitia kabatini, wakidhani kazi imekwisha.

Kiapo cha kawaida nacho ni kitu kingine. Kinaeleza tu kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Kinafaa pale herufi moja ilipokosewa kwenye cheti, lakini hakimpi mtu jina jipya.

Baada ya usajili, anza na NIDA. Namba ya utambulisho ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Jina likibadilika, namba inabaki ileile, na ndiyo inayomfunga Massawe na Kimaro. Benki na ofisi ya kodi huuliza kitambulisho kwanza, kwa hiyo ukianzia benki utarudishwa. Ardhi iwe mwisho, kwa kuwa hapo utahitaji kila karatasi ulizokwisha kukusanya, pamoja na hati halisi ya kiwanja. Kama hati iko benki kwa dhamana ya mkopo, zungumza nao mapema.

Hapo ardhi shika jambo moja kwa nguvu. Neema anapobadili jina kwenye hati yake, mmiliki ni yuleyule. Msajili anaingiza badiliko kwenye daftari. Hakuna mauzo wala uhamisho. Akitokea dalali au karani anayekuambia ujaze fomu za uhamisho, simama uulize ni nani anayemhamishia nani, maana uhamisho una kodi na ada zake.

Talaka inageuza hesabu. Nyumba iliyoandikwa jina la mume haiwi ya mke kwa yeye kubadili jina; mahakama ndiyo inayogawa mali ya ndoa, na ikiamuru nyumba iende kwa mke, hapo ndipo unapofanyika uhamisho wa kweli. Sasa angalia mtego. Hukumu inamtaja Neema Kimaro. Akichukia jina hilo na kukimbilia kurudisha Massawe kesho yake, atafika ardhi na hukumu ya Kimaro na kitambulisho cha Massawe, na mume wa zamani hana tena haraka ya kumsaidia. Ushauri wangu, nikijua jinsi jina hilo linavyouma kulisikia kila siku, ni kuvumilia hadi nyumba iandikwe, kisha ndipo ubadili. Kama haiwezekani, mwambie wakili aandike tangu kwenye madai kwamba Neema Kimaro anajulikana pia kama Neema Massawe. Talaka nayo haimrudishii jina la baba; atahitaji hati ya pili ya kubadili jina, nayo isajiliwe.

Kiwanja kisichopimwa hakina daftari la kurekebisha. Kuna mkataba wa mauziano uliosainiwa ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili na muhuri. Usifute jina, usiandike jipya juu yake, hata kwa kalamu ya rangi ileile. Mkataba uliochorwa unatiliwa shaka mahakamani. Uache ulivyo, ubane nakala ya hati ya kubadili jina nyuma yake, na mpelekee mtendaji wa mtaa nakala moja aiweke kwenye jalada.

Kwenye bahasha ya Neema, hati mbili za kubadili jina, cheti cha ndoa na hukumu ya talaka vimepangwa kwa tarehe. Cheti chake cha kidato cha nne kiko juu kabisa, bado kinasema Massawe.