Duka likishindikana, anza na deni lipi?

Chukua mfano wa mama mwenye duka la vyakula Mbagala, Dar es Salaam. Akiuza bidhaa na friji anapata shilingi 1,500,000. Anadaiwa 3,300,000: kampuni ya mikopo 1,800,000 kwa dhamana ya kiwanja, kikundi cha vikoba 600,000, na muuzaji wa jumla 900,000.

Anayepiga simu kila asubuhi ni wa jumla. Wengi humlipa huyo kwanza, kumbe kiwanja ndicho kitakachouzwa. Deni lenye dhamana litangulie. Kikundi kifuate, maana wadhamini wake wanaweza kukatwa akiba zao. Wa jumla, asiye na dhamana, alipwe kidogo kidogo.

Aende kwa kampuni kabla rejesho halijachelewa, akiwa na orodha ya madeni yote. Atoe 900,000 na kuomba zilizobaki azilipe 100,000 kwa mwezi, bila riba mpya. Wakikubali, achukue maandishi yenye sahihi na mhuri, kwani ahadi ya mdomo huondoka na ofisa aliyeitoa. Kikundi akipe 300,000, wa jumla 200,000, na 100,000 ibaki ya chakula cha watoto.

Halafu aiandikie TRA barua ya kufunga biashara, la sivyo makadirio ya kodi yataendelea kwa duka lisilokuwepo. Na asikope "kausha damu" kulipa deni la zamani. Hapo kiwanja kitakwenda.