Tumbo Kujaa Gesi na Mbweu za Mara kwa Mara: Lini ni Chakula, Lini ni Maradhi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Neno "gesi" hapa visiwani limebeba mzigo mkubwa. Mtu akijaa tumbo baada ya kula, husema ana gesi. Akipiga mbweu mfululizo, gesi. Akibanwa na kifua akiwa anapanda ngazi, nayo wataambiwa nyumbani kuwa ni gesi imepanda. Mawili ya mwanzo mara nyingi hutibika jikoni na mezani. La tatu laweza kumuua mtu huku watu wa nyumbani wakimtafutia tangawizi. Kwa sababu hiyo tumeona tuieleze gesi yenyewe inatoka wapi, ili ijulikane pia ni kipi kisichokuwa gesi.

Gesi ya juu na gesi ya chini

Gesi ya tumboni ina vyanzo viwili, na kila kimoja kina njia yake ya kutokea.

Ya kwanza ni hewa tunayoimeza. Kila tunapomeza tonge, mate au maji, hewa kidogo huingia pamoja nayo. Hewa hiyo hukaa juu ya tumbo na kutoka kwa mdomo, nayo ndiyo mbweu. Mbweu mbili tatu baada ya chakula ni jambo la maumbile.

Ya pili hutengenezwa ndani, katika utumbo mpana. Chakula ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukisaga hufika huko, na bakteria wanaoishi humo hukichachua kama unga wa mandazi unavyochachuka kwa hamira. Gesi inayotoka hapo hushuka chini kama upepo. Mtu mwenye afya kamili hutokwa na upepo baina ya mara 10 na 20 kwa siku. Anayetokwa mara 12, basi, hana maradhi, ila huenda ana haya.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: shida yangu iko juu au chini? Mwenye mbweu nyingi aangalie namna anavyokula. Mwenye upepo mwingi na tumbo linalojaa kuelekea jioni aangalie anachokula.

Mwenye mbweu aangalie namna anavyokula

Hewa nyingi huingia kwa kula haraka, kula huku ukizungumza, kunywa kwa mrija, kutafuna ubani mchana kutwa, kuvuta sigara, na meno ya bandia yasiyokaa sawasawa. Soda ina gesi yake yenyewe. Wakati wa futari mambo haya hukutana kwa pamoja: mtu ana njaa na kiu, anabugia tambi na mihogo, juu yake soda baridi, kisha anashangaa kwa nini anapiga mbweu rakaa zote za tarawehe.

Hapa mafundisho ya Mtume (Swalla Allaahu alayhi wasallam) yanatosha kuwa mwongozo. Amekataza kupumulia ndani ya chombo cha kunywea, na yeye mwenyewe alikuwa akinywa kwa kukatisha, akipumua mara tatu nje ya chombo. Na katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi ameelekeza kuwa ikiwa hapana budi kushiba, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Anayefuturu kwa tende na maji, akaswali Magharibi, kisha akarudi kula polepole, huwa ameshapunguza sehemu kubwa ya tatizo.

Kuna aina nyingine ya mbweu ambayo watu wengi hawaijui. Mtu anahisi kitu kimemkaa chini ya kifua, anajilazimisha kubeua apate nafuu. Bila kujua, anavuta hewa hadi kwenye umio na kuitoa papo hapo, hata kabla haijafika tumboni. Kila akifanya hivyo, anajizoesha zaidi, mpaka anafikia mbweu kumi kwa dakika. Dalili yake ni kwamba mbweu hizo hukoma akilala usingizi au anapozungumza, na huzidi akiwa na wasiwasi. Dawa za tumbo hazisaidii sana hapa. Kinachosaidia ni kuacha kujilazimisha, kuweka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu huku midomo ikiwa wazi kidogo, na kupumua taratibu kwa tumbo kwa dakika chache kila hamu ya kubeua inapokuja.

Tahadhari pia na unga wa kutia kwenye maji unaotoa povu, au maji ya magadi. Hupoza tindikali kwa muda, lakini vyenyewe huzalisha gesi tumboni, ndiyo maana mtu hubeua sana baada ya kunywa. Vilevile vina chumvi ya sodiamu, ambayo si nzuri kwa mwenye shinikizo la damu.

Mwenye kujaa tumbo aangalie anachokula

Vyakula vinavyochachuka zaidi ni vya jamii ya kunde: maharage, mbaazi, choroko, dengu na borohoa yake. Vina aina ya sukari ambayo mwili wa mwanadamu hauna kimeng'enya cha kuisaga. Kuviloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, kuviosha na kuvichemsha kwa maji mapya huondoa sehemu ya sukari hiyo. Anayeloweka kisha akapikia maji yale yale hajafanya kitu.

Baada ya kunde ni maziwa. Watu wazima wengi wenye asili ya Afrika na Uarabuni miili yao imepunguza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa waliokuwa nao utotoni. Huu si mzio wala maradhi. Wengi wao huweza kikombe kimoja pamoja na chakula, na mtindi huwakalia vizuri zaidi. Wengine huchokozwa na kitunguu maji, kitunguu thomu, au embe nyingi kwa mkupuo mmoja. Na mwenye choo kigumu hujaa gesi hata akila vizuri, kwa sababu mabaki hukaa muda mrefu yakichachuka. Huyo atibu choo kwanza.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 38. Akiamka tumbo ni jepesi, ikifika Alasiri limejaa hata dira linambana. Asubuhi hunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, mchana wali kwa maharage ya nazi, jioni urojo na bajia za dengu. Akiacha vyote kwa pamoja atapata nafuu, lakini hatajua mkosaji ni nani, na baada ya wiki atachoka na kurudia.

Njia iliyo bora ni moja baada ya moja. Wiki mbili za kwanza anaacha maziwa tu, chai anakunywa ya rangi, na anaandika kwenye daftari alichokula na hali ya tumbo jioni. Tuseme amepata nafuu nusu. Anarudisha kikombe kimoja pamoja na chakula: kikimkalia, basi kiwango chake ni hicho, akizidisha ajue gharama yake. Kisha wiki mbili nyingine anahamia kwenye maharage: anayaloweka usiku kucha, anamwaga maji, anakula nusu ya kipimo cha zamani. Mwezi mmoja unamtosha kujua chakula chake bila kujinyima kila kitu. Na ikiwa hakuna kilichobadilika, hilo nalo ni jibu: sababu huenda si chakula, amwone daktari na daftari lake mkononi.

Dalili zisizokuwa gesi tu

Gesi ya chakula huja na kuondoka. Haimkondeshi mtu, haimwamshi usiku kwa maumivu, na haileti damu. Ukiona mambo haya, nenda hospitali:

Kukonda bila ya kukusudia, kushindwa kumeza, kutapika mara kwa mara, choo cheusi kama lami au chenye damu, au kupungukiwa damu. Hizi zaweza kuwa vidonda vya tumbo au saratani. Mwenye maumivu ya chembe ya moyo ya muda mrefu aombe kipimo cha bakteria wa vidonda kwa choo au kwa pumzi. Kipimo cha damu huweza kuonyesha bakteria waliokwisha kutibiwa zamani.

Mama aliyekaribia miaka 50 au kuipita, ambaye tumbo limeanza kujaa karibu kila siku, anashiba kwa matonge machache, na anakwenda haja ndogo mara nyingi. Kina mama wengi hulisema hili kuwa ni gesi au unene. Linaweza kuwa uvimbe au saratani ya mifuko ya mayai, nayo inahitaji kupimwa kwa picha ya mawimbi ya sauti.

Tumbo linalozidi kukua wiki hadi wiki bila kushuka asubuhi, pamoja na miguu kuvimba au macho kuwa ya manjano. Hayo huenda ni maji yanayojaa kwa maradhi ya ini.

Kuharisha kwa wiki kadhaa, choo chenye mafuta na harufu kali, hasa kwa watoto. Kipimo cha choo huonyesha vimelea vinavyotibika.

Na mawili ni ya dharura, hayangoji asubuhi. La kwanza ni tumbo lililovimba, likiuma, mtu anatapika, na hatoi choo wala upepo: utumbo umeziba. La pili ni "gesi" ya kifuani inayobana kama uzito, inayokwenda mkononi, mgongoni au tayani, pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu au pumzi fupi. Huo ni moyo mpaka daktari aseme sivyo. Mbweu kuleta nafuu kidogo hakuondoi hatari. Mwenye kisukari, na wanawake pia, huweza wasipate maumivu makali, bali uchovu na uzito wa chembe tu. Ikiwa kifua kinabana kila anapobeba ndoo au kupanda ngazi, na kinaachia akipumzika, aende kupimwa siku hiyo hiyo. Walioko kwenye visiwa vidogo kama Tumbatu na Kojani watafute chombo mapema, kabla ya giza.

Vipi kuhusu udhu?

Anayehisi msukosuko tumboni na akashuka kama kimemtoka kitu, swala yake ni sahihi na asiikate mpaka awe na yakini, kama kusikia sauti au kupata harufu. Hivi ndivyo ilivyothibiti katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Wasiwasi haubatilishi udhu. Aliyebanwa na upepo kabla ya kuanza kuswali ni bora ajisaidie kwanza, kisha atawadhe.

Ama yule ambaye upepo unamtoka mfululizo, hata hapati ndani ya wakati wa swala nafasi ya kutawadha na kuswali akiwa amesalimika, huyo ana udhuru. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, atatawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, ataswali bila kuchelewesha, na kinachomtoka hakimdhuru. Lakini hali hiyo yenyewe ni sababu ya kwenda kwa daktari, kwani choo kigumu, maziwa au vimelea huenda ndivyo vinavyomsumbua, na vyote vina tiba.

Tunamuomba Allaah awaponye wagonjwa wetu. Wallaahu a'lam.