Kuapa kwamba hujaoa wala hujaolewa: atestasio ya seliba na mambo ambayo ofisi za ng'ambo huchunguza



Katika parokia zetu za Goma tumezoea kupokea kijana anayekuja na ombi hili: "Mchungaji, tuandikie barua kwamba mimi ni seliba. Nataka kufunga ndoa Ulaya." Barua tunaiandika, lakini inasema tu yale tunayoyajua: kwamba mtu huyu alibatizwa kwetu, na kwamba katika daftari letu hatujamfungisha ndoa. Barua hiyo inaweza kusaidia kama ushuhuda wa ziada. Haiwezi kushika nafasi ya karatasi ya serikali, na tumeona wachumba waliopoteza miezi mingi kwa kudhani inaweza. Ndiyo maana tunataka kueleza leo karatasi hiyo ni nini, na kwa nini ofisi ya ng'ambo inaweza kuikataa hata ikiwa na mihuri yote.

Kwetu karatasi hiyo inatolewa na ofisi ya eta sivili ya komine, na watu wanaiita atestasio ya seliba. Katika nchi zinazotumia Kiingereza, kama Uganda na Kenya, mara nyingi mtu mwenyewe huapa kwa maandishi mbele ya wakili aliyeruhusiwa kupokea viapo. Majina ni tofauti, lakini kiini ni kimoja. Ofisi yetu ya komine inatazama daftari zake yenyewe. Ofisi ya Karisimbi haioni ndoa iliyoandikwa Bukavu, Butembo au Kampala. Kwa hiyo inategemea neno la mwombaji, neno la mashahidi wake, na neno la shefu wa kartie. Hata pale ambapo mtu hakuinua mkono wala kutamka kiapo, ile karatasi imesimama juu ya kauli yake. Ikiwa kauli hiyo ni ya uongo, muhuri hauigeuzi kuwa kweli.

Hapo ndipo swali gumu la kwetu linapoanza: seliba ni nani? Wengi hujibu kwamba ni yule ambaye hajapita komine. Jibu hilo halitoshi. Sheria yetu ya jamaa, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatambua pia ndoa iliyofungwa katika jamaa kwa kufuata desturi, kisha inawataka wanandoa waende kuiandikisha kwenye eta sivili. Kijana ambaye mahari yake ilitolewa, jamaa mbili zikakaa pamoja na kumkabidhi mke, hawezi kusimama na kuapa kwa urahisi kwamba hajaoa kamwe, eti kwa sababu tu hakwenda kuandikisha. Mahari ya nusu, au watu waliokaa pamoja bila sherehe yoyote, ni jambo jingine. Lakini nalo linafaa kuelezwa wazi kabla ya kiapo, hasa kama kuna watoto.

Vilevile mjane si seliba, na aliyeachana na mwenzake mbele ya mahakama si seliba. Huyu wa kwanza anahitaji cheti cha kifo cha mwenzi wake. Wa pili anahitaji hukumu ya talaka, pamoja na karatasi inayoonyesha kwamba hakuna rufani iliyobaki. Katika eneo letu wako watu ambao wenzi wao walipotea vitani na mwili haukuonekana. Ndugu hao wanaumia mara mbili, maana hawana kaburi wala karatasi. Njia yao ni kwenda mahakamani kuomba hukumu inayotangaza kifo au kutoonekana kwa mwenzi. Kuandika "seliba" ili kuepuka safari hiyo kunaweza kuonekana njia fupi, lakini ni hapo ofisi ya ng'ambo hugundua tofauti.

Tuchukue mfano ili jambo lieleweke. Dada mmoja wa Ndosho ana miaka 27. Alizaliwa Masisi na hakuandikishwa alipozaliwa. Aliwahi kukaa Kampala miaka 3 kama mkimbizi. Mchumba wake anaishi Liège, Ubelgiji, na huko ndiko wanataka kufunga ndoa ya serikali.

Wengi katika hali yake hukimbilia atestasio ya seliba kwanza, kwa sababu inapatikana upesi. Hilo ndilo kosa la mpangilio. Karatasi ya seliba inasema jinsi mtu alivyo siku ile inapotolewa, kwa hiyo inazeeka. Komine nyingi za Ubelgiji hazitaki iliyopita miezi 6, na nyingine zinataka iwe mpya zaidi ya hapo. Lakini dada huyu hana cheti cha kuzaliwa. Itambidi apate kwanza hukumu ya mahakama inayoshika nafasi ya cheti hicho, kisha karatasi ya kuthibitisha kwamba hukumu haikukatiwa rufani, halafu eta sivili imwandike na kumpa nakala. Akichukua atestasio ya seliba tarehe 10 Machi, na hukumu ya kuzaliwa ikachukua miezi 4, amebakiza miezi 2 tu ya kuthibitisha sahihi, kusafirisha karatasi na kuzifikisha Liège. Mara nyingi hazitoshi, naye atalipa upya. Mpangilio mzuri ni kuanza na karatasi za kuzaliwa na pasipoti, na kuiacha seliba iwe ya mwisho. Kabla ya yote, mchumba wake aende kwenye komine ya Liège aombe orodha yao kwa maandishi, kwa sababu kila komine ina orodha yake.

Baada ya hapo karatasi zinapita njia ya kuthibitishwa. Sahihi ya ofisi ya hapa inathibitishwa Kinshasa, kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Ubelgiji unathibitisha sahihi ya wizara. Watu wakiona mihuri imejaa ukurasa hudhani kazi imekwisha. Lakini sheria ya Ubelgiji inasema wazi kwamba uthibitisho huo unahusu sahihi, cheo cha aliyeisaini na muhuri wake. Hauthibitishi kwamba yaliyoandikwa ndani ni kweli. Hilo la mwisho linabaki mikononi mwa afisa wa eta sivili wa Liège.

Afisa huyo anachunguza nini? Sheria ya nchi yake inamtaka apime masharti ya ndoa ya kila mchumba kwa sheria ya taifa la mchumba huyo. Kwa dada yetu, ni sheria ya Kongo: umri, ridhaa, na kutokuwa na ndoa nyingine. Kwa sababu hiyo anaweza kuomba pia karatasi ya ubalozi inayoeleza sheria yetu ya ndoa inasemaje.

Kisha anaziweka karatasi zote mezani na kuzilinganisha. Jambo la kwanza ni majina. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na kadi ya uchaguzi, ambayo wengi hutumia kama kitambulisho, mara nyingi ina herufi moja tofauti na pasipoti. Kwetu hilo ni kosa dogo la mwandishi. Kwake ni watu wawili. Jambo la pili ni tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kama hukumu inasema Masisi na pasipoti inasema Goma, ataomba maelezo.

Jambo la tatu ni historia. Dada huyu alikaa Kampala miaka 3, kwa hiyo anaweza kuulizwa uthibitisho kwamba hakuolewa huko pia. Na kama kwenye faili ya ukimbizi, au kwenye ombi la viza la zamani, aliandikwa kuwa "ameolewa" ili asitenganishwe na ndugu aliyesafiri naye, neno hilo linaweza kurudi. Tumeona kiapo cha kweli kikitiliwa shaka kwa sababu ya uongo mdogo wa miaka iliyopita. Afadhali aueleze mwenyewe mapema, kwa maandishi na kwa ushahidi, kuliko kuulizwa ghafla.

Jambo la nne ni ndoa yenyewe. Afisa akishuku kwamba ni ndoa ya kutafuta makaratasi tu, anaweza kuwahoji wachumba kila mmoja peke yake na kuomba maoni ya mwendesha mashtaka. Anaweza kuahirisha ndoa kwa miezi 2, na mwendesha mashtaka anaweza kuongeza hadi miezi 3. Akikataa kabisa, wachumba wana mwezi 1 wa kwenda mahakama ya jamaa. Anayejua muda huo hatauacha upite akilia nyumbani.

Hatuwezi kumaliza bila kutaja jambo ambalo kila msomaji wa Goma analiwaza. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji wetu uko mikononi mwa AFC na M23. Wizara ya Kinshasa huthibitisha sahihi kwa kuilinganisha na ile inayoijua. Sahihi ya afisa ambaye Kinshasa haimtambui haina cha kulinganishwa nacho, hata kama yaliyoandikwa ni kweli tupu. Hatusemi hili kwa siasa. Tunasema ili mtu aulize kabla ya kulipa: "Anayesaini karatasi hii, sahihi yake itapita Kinshasa?" Nakala zilizotolewa kabla ya tarehe hiyo zitunzwe vizuri, hasa za kuzaliwa na za hukumu. Na aliyekwisha kufika nchi ya ndoa aulize kwanza ubalozi wa Kongo wa huko kama unaweza kumpa karatasi ya seliba, na komine yake kama itaipokea.

Basi, kijana akija kwetu kuomba barua, tutamwuliza maswali yaleyale ambayo afisa wa Liège atamwuliza. Mahari ilitolewa? Kwa nani? Uliwahi kuishi wapi? Uliwahi kuandikwa jina gani? Asikasirike. Hapa kwetu bado anaweza kurekebisha herufi ya jina, kutafuta hukumu, au kumaliza kwanza jambo lililobaki katikati ya jamaa mbili. Akishasaini kwamba ni seliba na karatasi ikaondoka, kila kitakachopatikana kinyume chake kitahesabiwa kuwa uongo wake.